Krimu ya macho ya dola 28, au ile ya uso niliyo nayo nyumbani?

Jambo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninakaa Katuba hapa Lubumbashi, na nina miaka 41. Tangu kiangazi kiingie, ngozi ya chini ya macho yangu imekauka, poda inajikusanya katika mistari midogo, na weusi niliokuwa nao tangu zamani unaonekana zaidi. Mwenye duka la vipodozi mjini ananishauri ninunue krimu maalumu ya macho, mililita 15 kwa dola 28. Mdogo wangu anasema krimu yangu ya uso, mililita 200 kwa dola 9, inatosha. Jirani naye amenipa tyubu ndogo, akanihakikishia kwamba itaondoa weusi kwa wiki moja, bado sijaitumia. Nimenakili maandishi ya vyote vitatu. Krimu ya macho: maji, gliserini, dimethikoni, mafuta ya alizeti, niasinamidi, kafeini, parfumu, linaloli. Krimu ya uso: maji, gliserini, petrolatamu, setili alkoholi, dimethikoni, seramidi, imeandikwa kwamba haina parfumu. Tyubu: propionati ya klobetasoli, asilimia 0.05. Nichague ipi?

Mwalimu wa Katuba

*

Mama Mwalimu,

Umefanya vizuri sana kunakili maandishi badala ya kunielezea rangi ya vikopo na maneno ya muuzaji, kwa sababu maandishi hayo yananiwezesha kukujibu waziwazi. Nitaanza na tyubu, kwa kuwa kati ya vitu vyako vitatu ndiyo pekee inayoweza kukudhuru.

Klobetasoli si kipodozi. Ni dawa ya jamii ya kotikosteroidi, na kati ya dawa zote za jamii hiyo zinazopakwa kwenye ngozi, imo katika daraja la zenye nguvu kubwa kabisa. Daktari huiandika kwa muda mfupi kwa mgonjwa mwenye pumu ya ngozi iliyokomaa au soriasisi, hasa mahali ambapo ngozi ni nene, kama viganja, nyayo na viwiko. Ngozi ya kope ni kinyume kabisa cha hiyo: ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, unene wake ni kama nusu milimita, na dawa hupenya hapo kwa wepesi mkubwa. Jirani yako hakudanganyi anaposema kwamba weusi hupungua haraka, maana dawa hii hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi. Lakini ikiendelea kupakwa, huifanya ngozi izidi kuwa nyembamba, mishipa iliyo chini yake ikaanza kuonekana, na mtu akajikuta na weusi wa aina nyingine ambao ni mgumu kuutibu kuliko ule wa kwanza. Lililo baya zaidi ni kwamba dawa inayopakwa kwenye kope inaweza kufika ndani ya jicho lenyewe, ikapandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, au ikaharakisha mtoto wa jicho. Glakoma ya namna hiyo kwa kawaida haiumi, na mgonjwa huweza kuishtukia wakati sehemu ya uwezo wake wa kuona imekwisha kupotea na haiwezi kurudishwa.

Kwa hiyo usiipake hata mara moja. Na kwa kuwa jirani anaisifu kama mtu aliyeijaribu, nakuomba uzungumze naye kwa upole. Ikiwa ameitumia usoni kwa miezi, asiiache ghafla akiwa peke yake, kwa sababu ngozi iliyozoea dawa hii huweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele inaponyimwa. Aende kwa daktari aongozwe jinsi ya kuipunguza, na aombe presha ya macho yake ipimwe.

Sasa tuje kwenye krimu mbili. Ngozi ya chini ya jicho haina hitaji la siri ambalo ngozi ya shavu haina. Tofauti yake ni kwamba ni nyembamba, haina mafuta mengi chini yake, na ina tezi chache za mafuta, hivyo maji huitoka upesi. Katika mji wetu jambo hili huonekana wazi kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9, mvua inapokatika, upepo unapobeba vumbi, na baridi ya alfajiri ya mwezi wa 6 na wa 7 inapotufanya tukae karibu na mbabula. Ngozi iliyokauka namna hii inahitaji kitu cha kushika maji na kitu cha kuyazuia yasitoke. Gliserini hufanya kazi ya kwanza. Petrolatamu, ambayo ndiyo vaselini yenyewe, hufanya kazi ya pili kuliko karibu kitu kingine chochote kinachouzwa, wakati dimethikoni na setili alkoholi huilainisha ngozi juu. Neno alkoholi lisikutishe hapo: setili alkoholi ni aina ya nta laini, haikaushi ngozi kama spiriti.

Ukiyasoma maandishi yako kwa jicho hilo, utaona kwamba krimu ya dola 9 ina vyote vinavyohitajika kwa ukavu, pamoja na seramidi, ambazo ni mafuta ya asili ya tabaka la juu la ngozi. Krimu ya dola 28 ina gliserini na dimethikoni, lakini haina petrolatamu. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, ingawa vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo vitu vinavyoitofautisha na ya kwako, yaani niasinamidi na kafeini, vimo kwa kiasi ambacho maandishi hayakuambii. Kafeini hubana mishipa na kupunguza uvimbe mdogo wa asubuhi kwa saa chache tu. Niasinamidi ni kiungo ninachokiheshimu, kwa sababu hupunguza rangi inayopita kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda kwenye seli za juu. Lakini huhitaji wiki nyingi, na kwa kawaida hutumika kwa asilimia 2 hadi 5. Mtengenezaji aliyeweka kiasi hicho mara nyingi hukitangaza kwenye kikopo. Ukiona kimya, usilipe kana kwamba kimo.

Kisha kuna parfumu na linaloli. Linaloli ni kimojawapo cha vitu vya harufu, na kikikaa kwenye hewa hubadilika kuwa kitu ambacho ngozi za watu wengi hukikataa. Kope ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha mzio wa harufu, na huuonyesha hata pale ambapo kitu hakikupakwa hapo. Wapo wanawake ambao kope zao huwasha na kubabuka kwa sababu ya rangi ya kucha, kwa kuwa vidole hugusa macho mara nyingi mchana kutwa bila mwenyewe kujua. Basi hapa tuna krimu iliyoandikwa kuwa ni ya macho, ambayo ina harufu, na krimu ya kawaida ambayo haina. Kwa mililita moja ya ile ya kwanza unalipa karibu dola 1.87, na kwa mililita moja ya pili unalipa chini ya senti 5, yaani tofauti ya zaidi ya mara 40. Mimi, kwa maandishi haya mawili, nisingeinunua ile ya macho hata kama bei zingelingana.

Sisemi kwamba kila krimu ya macho ni hasara. Zipo zilizotengenezwa bila harufu na kujaribiwa chini ya usimamizi wa madaktari wa macho ili zisichome zikiingia machoni kidogo, na hiyo ni faida ya kweli kwa mtu ambaye macho yake hutoa machozi kwa kila anachopaka. Elewa tu kwamba jaribio hilo linahusu kutochoma. Halithibitishi kwamba mikunjo au weusi utaondoka.

Kuhusu mistari ambamo poda inajikusanya, jaribu krimu yako kwa wiki mbili kabla ya kuamua lolote. Nawa uso jioni kwa maji ya vuguvugu, usitumie sabuni karibu na macho, kausha kwa kugusa na kitambaa laini, na upake ngozi ingali na unyevu. Kiasi cha punje moja ya mchele kwa kila jicho kinatosha. Kiweke kwa kidole cha pete, ambacho hakina nguvu nyingi, juu ya mfupa unaousikia chini ya jicho, ukigusagusa bila kuvuta. Usiufikie ukingo wa kope, kwa sababu joto la ngozi litaisogeza krimu yenyewe hadi inapohitajika. Asubuhi rudia kwa kiasi hicho hicho na usubiri kama dakika 10 kabla ya poda, ukitia poda kidogo sana chini ya macho au usiitie kabisa. Katika siku zile kavu kuliko zote, unaweza kuongeza vaselini nyembamba mno juu ya krimu wakati wa kulala. Mistari inayotokana na ukavu huanza kulainika ndani ya siku chache. Ile itakayobaki wakati ngozi imekwisha kuwa laini ni mikunjo ya kawaida ya umri na ya kucheka, na hakuna krimu ya kulainisha, iwe ya uso au ya macho, itakayoiondoa. Kwa mikunjo hiyo, kiungo chenye ushahidi mzuri ni retinoli, inayohitaji miezi mitatu au zaidi, ambayo huwasha kwa urahisi sehemu hii na haitumiwi na mwanamke mjamzito au anayetafuta ujauzito. Sikushauri uianze ngozi ikiwa bado kavu hivi.

Weusi unataka uchunguzi kidogo, kwa kuwa sababu zake hazifanani na dawa zake hazifanani. Chukua kioo, simama mbele ya dirisha mchana, kisha uelekeze mwanga wa tochi ya simu usoni kutoka mbele, macho yakiwa yamefumbwa. Ikiwa weusi unafifia sana mwanga ukitoka mbele, sehemu kubwa yake ni kivuli cha kibonde kilicho kati ya jicho na shavu, na hakuna cha kupaka kinachojaza kibonde. Ikiwa haubadiliki, ivute ngozi taratibu kuelekea shavuni. Weusi unaosogea pamoja na ngozi na kubaki kahawia ni rangi iliyo ndani ya ngozi yenyewe. Ule unaoonekana wa buluu au zambarau, na unaozidi ngozi ikinyoshwa, ni mishipa inayoonekana kupitia ngozi nyembamba. Mtu anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, aina ya rangi ndiyo ya kawaida, mara nyingi hurithiwa, na kwa kuwa unasema ulikuwa nao tangu zamani, nadhani ndiyo yako. Watazame mama yako na ndugu zako: ukiukuta kwao, hakuna ugonjwa wa kutafuta.

Lakini umesema pia kwamba umezidi katika kiangazi, na hapo ningependa uiangalie mikono yako. Vumbi la barabara, moshi wa makala na ukavu huyafanya macho yawashe, na anayewashwa hujisugua. Kila msuguo huiamsha ngozi nyeusi itengeneze rangi zaidi, polepole, kwa miezi. Kwa mwalimu kuna jambo la ziada, ambalo ni chaki: ukifuta ubao na kisha ukajigusa jicho, unapeleka unga mkavu mahali pale pale panapowasha. Mwombe mdogo wako au mwenzako shuleni akuhesabie kwa siku moja ni mara ngapi unapeleka mkono machoni. Watu wengi hushangaa. Nawa mikono baada ya ubao, weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano yanapowasha, na ikiwa kuwasha hakuishi, au kunakuja pamoja na chafya na mafua ya kila siku, umwone daktari kwa ajili ya mzio. Kuutuliza mzio huo kutaufaa weusi wako kuliko krimu ya bei yoyote.

Jua nalo huzidisha rangi, na kiangazi chetu hakina mawingu mengi. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja kipya, ningependelea iende kwenye krimu ya kukinga jua isiyo na harufu, yenye oksidi ya zinki, kwa kuwa hiyo haichomi macho kama nyingine nyingi. Yenye rangi ya kahawia inayotokana na oksidi za chuma ni bora zaidi kwa weusi, maana huzuia pia sehemu ya mwanga wa kawaida inayochochea rangi kwenye ngozi nyeusi, na haiachi weupe usoni. Ukishindwa kuipata, miwani mipana ya jua na kofia vitakusaidia, nawe hutafinya macho sana njiani kwenda kazini.

Yapo mazingira ambayo yangenifanya nibadili jibu langu kuhusu krimu yako. Ikichoma kwa zaidi ya dakika moja au mbili, macho yakitoa machozi, au kope zikiwa nyekundu na zenye magamba kesho yake, iache, hata kama mashavu yako yanaipokea vizuri. Ukiamka na macho yaliyovimba kila unapoipaka usiku, punguza kiasi au uipake mapema, saa moja kabla ya kulala. Ukiona vijipele vidogo vyeupe na vigumu kama chembe za mchanga vinajitokeza chini ya macho, huenda krimu au vaselini ni nzito mno kwako. Usivikamue, acha vaselini kwanza, na ukiona bado vinaendelea, tafuta krimu nyepesi zaidi. Vilevile, kama siku moja utabadilisha krimu ya uso na kuchukua yenye retinoli, asidi za kuondoa madoa au vitamini C nyingi, hiyo isifike chini ya macho, na hapo ndipo kuwa na krimu ya pili iliyo ya upole kuna maana. Hata hivyo, haihitaji kuwa na picha ya jicho kwenye kikopo. Krimu rahisi ya farmasi, isiyo na harufu, itafanya kazi hiyo.

Kila kitu kipya kijaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku saba, mahali pale pale. Kikipita hapo, kipake chini ya jicho moja kwa siku chache kabla ya kuendelea na la pili, ili kikileta shida ujue mara moja kwamba ni chenyewe, badala ya kulaumu vumbi au usingizi.

Mwisho, yapo mambo ambayo hayatazamwi kwa krimu hata kidogo: kope za macho yote mawili zinazovimba kila asubuhi pamoja na miguu, uvimbe wa ghafla wa jicho moja wenye joto na maumivu, au kuona ukungu. La kwanza linaweza kutoka kwenye figo, nayo mengine mawili ni ya daktari siku ile ile.

Ukishamaliza wiki hizo mbili, niandikie uniambie ni mistari ipi iliyobaki na tochi ilikuonyesha nini kuhusu weusi.